Vyeupe viwili badala ya cha manjano kimoja

Asalaam aleikum Shangazi,

Ninaishi Kisauni na mamangu mwenye miaka 63. Alipokuwa kwa dadangu Amerika alipasuliwa rovu, tezi yote ikatolewa, na tangu hapo humeza dawa ya thairoidi kila asubuhi. Huko alianza na vidonge vyeupe, baadaye daktari akampandishia hadi vya manjano. Alirudi nyumbani na chupa za kutosha miezi kadhaa. Zilipokwisha nikaenda duka la dawa mjini, jina la dawa nimeliandika kwenye simu pamoja na 100. Kijana akakata vidonge kutoka kwenye boksi, akavitia ndani ya bahasha na kuandika 1x1.

Vidonge hivi ni vyeupe. Mama alipoviona akasema vyeupe ni hamsini, na daktari wake wa Amerika aliwahi kumwambia kuwa vya manjano vikikosekana ameze vyeupe viwili. Tukaona yule kijana amekosea, mama akawa anameza viwili. Sasa ni wiki ya nne. Moyo unamdunda, mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hakitulii, usiku halali, na amekonda. Jirani anasema ni presha, anataka kumpa dawa yake. Jana nilikitazama kidonge kwa taa ya simu nikaona kimeandikwa EM 100. Na chupa ya zamani imeandikwa 100 mcg, chini yake 0.1 mg. Je, rangi za dawa hii si moja dunia nzima? Hizo mcg na mg zasomwaje? Mama aiache kabisa?

Binti wa Kisauni

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Nilikupigia mara tu niliposoma barua yako, na niliyokwambia kwa simu nayaandika tena hapa, kwa sababu najua kuna nyumba nyingine yenye bahasha kama hiyo mezani. Mama asimeze viwili tena, na dawa ya jirani asiiguse. Mpeleke kwa daktari leo hii. Apimwe mapigo na presha, na moyo wake upimwe kwa mashine ya ECG, kwa maana dawa hii ikizidi huweza kuutoa moyo kwenye mpangilio wake, na hatari hiyo huongezeka na umri. Akipata maumivu ya kifua, akakosa pumzi, akazimia, au ukishika kifundo cha mkono wake ukaona mapigo yanakwenda ovyo, usingoje kliniki. Nenda moja kwa moja idara ya dharura, iwe Coast General au hospitali yoyote iliyo karibu nanyi zaidi. Chukua chupa ya zamani, bahasha, na vidonge vilivyobaki. Daktari akiviona ataelewa haraka kuliko kwa maelezo ya mdomo.

Kuhusu kuiacha kabisa, hapana. Mama hana tezi, kwa hiyo hiyo homoni haipati popote isipokuwa ndani ya kidonge. Inawezekana daktari akamwambia apumzike siku chache kisha arudi kwenye kipimo chake cha kawaida, lakini hilo ataliamua yeye baada ya kumpima. Ninachokiogopa ni mama aingiwe na hofu ya dawa, aitupe kando, halafu baada ya miezi miwili tuwe na mgonjwa mwingine: amevimba uso, sauti imekwaruza, anasinzia mchana kutwa, anajifunika blanketi mwezi wa Februari huku Mombasa nzima inatoka jasho.

Sasa tuje kwenye rangi. Kabla sijaenda mbali nataka ujue kuwa mama hakubuni lolote. Alichoambiwa na daktari wake kilikuwa kweli mahali pale. Amerika, levothairoksini, ndiyo hiyo dawa ya thairoidi ya mama, hutengenezwa kwa nguvu 12 tofauti, kuanzia mikrogramu 25 hadi 300, na viwanda vingi vya huko hufuata rangi zinazofanana. Cha 25 ni rangi ya chungwa, cha 50 ni cheupe, cha 75 ni zambarau, cha 100 ni manjano, cha 125 ni kahawia, cha 150 ni buluu, cha 200 ni waridi. Hicho cha 50 ni cheupe kwa sababu hakikutiwa rangi yoyote. Ndiyo maana madaktari wa huko, wakiwa na mgonjwa ambaye mwili wake unakataa rangi za dawa, humwandikia vya 50 kadhaa mpaka kipimo chake kitimie. Kwa hiyo “vyeupe viwili ni sawa na cha manjano kimoja” ni hesabu sahihi, maadamu vidonge vimetoka kwenye viwanda hivyo.

Huo utaratibu haukuvuka bahari. Hakuna sheria ya dunia inayosema levothairoksini ya nguvu fulani iwe na rangi fulani. Viwanda vingi vya nje ya Amerika havitii rangi kwenye kidonge hata kidogo. Rangi wanaitia kwenye boksi, na ndani vidonge vyote ni vyeupe, cha 25 ni cheupe, cha 50 ni cheupe, cha 100 ni cheupe. Euthyrox, ambayo ndiyo yenye hayo maandishi EM uliyoyaona, iko hivyo. Ukivimwaga mezani vya nguvu tatu tofauti, mtu aliyesimama hatua mbili hawezi kuvitenganisha. Kinachovitofautisha ni kile kilichochongwa juu yake, EM 25, EM 50, EM 100, na kwa macho ya mtu wa miaka 63, alfajiri, kabla taa haijawashwa, hayo maandishi ni kama hayapo.

Basi cheupe cha mama cha zamani kilikuwa 50 na cheupe chake cha sasa ni 100. Yule kijana wa dukani alimpa sawa, na 1x1 yake ilikuwa sawa pia, maana yake kidonge kimoja mara moja kwa siku. Kosa lake ni kwamba bahasha haikusema ni kidonge cha nini wala cha nguvu gani, kwa hiyo mama alipokikuta cheupe hakuwa na kitu cha kumsahihisha isipokuwa kumbukumbu, nayo ilikuwa ya dawa ya kiwanda kingine. Alikuwa anameza mikrogramu 200 kila asubuhi, mara mbili ya kipimo chake.

Na katika dawa hii mara mbili si jambo dogo. Tazama zile nguvu 12: kati ya 88 na 100 kuna tofauti ya mikrogramu 12 tu, na kati ya 100 na 112 vivyo hivyo. Watu hawatengenezi hatua ndogo kiasi hicho kwa ajili ya urembo. Wanazitengeneza kwa sababu kuna wagonjwa ambao kwa 100 wanachoka na kwa 125 moyo unaenda mbio. Mtu mzima asiye na tezi kabisa kwa kawaida huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwanamke wa kilo 62 hutoka karibu 100, ndipo alipo mama. Mikrogramu 200 kwa hesabu hiyo ni kipimo cha mtu wa kilo 125. Hesabu hii uitumie kushtukia kosa tu, usijipangie dawa kwayo, kwa maana wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzishwa chini sana, 25 au hata 12.5, na baadhi ya waliotolewa tezi kwa sababu ya saratani hupewa zaidi kwa makusudi. Lakini ukiona mama mwembamba anameza 200, uliza.

Huenda unajiuliza kwa nini siku ya kwanza hakuona kitu, wala ya pili. Swali hilo ni zito kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi: dawa imebadilika mwanzoni mwa mwezi, mwili unalalamika mwishoni, na hakuna anayeviunganisha viwili hivyo. Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu. Inachukua kama siku 7 kupungua kwa nusu. Kidonge cha jana bado kipo, cha juzi kipo, cha wiki iliyopita nusu yake ipo. Kwa hiyo ziada ya mama ilikuwa inajijenga polepole, na ndiyo kwanza mwezi huu imefikia karibu kilele chake. Dalili zikaja wakati kila mtu ameshasahau kuwa vidonge vilibadilika, ndipo jirani akapata nafasi ya kusema ni presha.

Kwa sababu hiyo hiyo kushuka kwake nako ni kwa polepole. Akirudi kwenye kipimo chake leo, baada ya wiki moja nusu ya ile ziada itakuwa bado mwilini, baada ya wiki mbili robo, baada ya wiki tatu karibu sehemu moja ya nane. Usitegemee mikono itulie keshokutwa. Kama mapigo yanamtesa, daktari ana dawa za kuyapunguza kasi kwa muda huo wa kungoja, lakini nyingine katika hizo hazimfai mwenye pumu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokopa kidonge cha jirani.

Tuje kwenye mcg na mg. Mcg ni mikrogramu. Mg ni miligramu. Miligramu moja ina mikrogramu 1000, kama vile kilo moja ya sukari ilivyo na gramu 1000. Ukimwambia mwenye duka akupimie kilo 0.1 au gramu 100, atakupa sukari ile ile. Ndivyo chupa ya mama ilivyokuwa inasema kitu kimoja kwa namna mbili: 100 mcg ndiyo 0.1 mg. Viwanda vingine huandika kwa mcg peke yake, vingine kwa mg peke yake, vingine zote mbili. Cha 50 ukikikuta kwa mg kitakuwa 0.05, na cha 25 kitakuwa 0.025. Ili kuigeuza mg iwe mcg, sogeza nukta hatua tatu kwenda kulia: 0.05 inakuwa 50. Ukipata jibu ambalo si kati ya 12.5 na 300, simama hapo hapo, umesoma vibaya au aliyeandika amekosea.

Boksi nyingine zina alama µg, yenye herufi ya kwanza kama u yenye mkia. Hiyo nayo ni mikrogramu, sawasawa na mcg. Kwenye chapa inasomeka vizuri. Kwa mkono, kalamu ikikimbia, inageuka kuwa m, na kipimo cha mikrogramu 50 kinaonekana kama miligramu 50. Nimewahi kuona kadi ya kliniki imeandikwa “50mg” kwa dawa hii. Hakuna kidonge cha levothairoksini cha miligramu 50 duniani. Ingekuwa mikrogramu 50,000. Mfamasia akiiona kadi hiyo anajua kilichokusudiwa, ila haimpasi kukisia, inampasa kumpigia aliyeandika. Wewe nyumbani ukiona mg imekaa baada ya namba kubwa kama 50 au 100 kwenye dawa ya thairoidi, usianze kugawanya wala kuzidisha vidonge. Rudisha karatasi kwa aliyeiandika.

Kuna mtego mwingine ambao ningependa uutazame kwa makini siku nyingine ukishika boksi nzima. Namba 100 inaweza kuwa idadi ya vidonge. Boksi au kopo la vidonge 100 vya mikrogramu 50 litakuwa na 100 mahali fulani na 50 mahali fulani, na mtu mwenye 100 kichwani macho yake yatakimbilia ile 100. Huyo kosa lake litakuwa kinyume cha lenu: atameza kimoja akidhani ni mia, kumbe ni hamsini, nusu ya kipimo, na hatajua mpaka uchovu, choo kigumu na uzito vimrudie baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo usiitafute namba peke yake. Tafuta namba iliyoshikana na mcg, µg, mg au neno zima la mikrogramu. Iliyoshikana na neno la vidonge ni idadi.

Na ile EM 100 uliyoiona kwa taa ya simu? Hapo ulifanya jambo zuri sana, ila isikufanye uamini kila maandishi ya juu ya kidonge. Kwa kiwanda hicho namba inalingana na nguvu. Kwa vingine ni alama yao ya ndani tu. Kuna kidonge cha manjano cha Amerika kimechongwa JSP 516, nacho ni cha mikrogramu 100. Hiyo 516 haina uhusiano wowote na kipimo. Maandishi ya kidonge yatumie kuthibitisha kile boksi linachosema. Yakipingana na boksi, au boksi halipo, kiulizie kidonge hicho dukani kabla hakijaingia kinywani.

Nitakuonyesha jinsi ningeisoma dawa ya mama kama ningekuwa nimekaa nawe jikoni. Naanza na kile daktari alichokitaka, nacho nakisema kwa namba na kipimo: mikrogramu 100 kwa siku. Sisemi cha manjano, wala kimoja au viwili. Halafu nashika dawa mpya, natafuta jina lake halisi, Levothyroxine au Levothyroxine sodium, ambalo huchapwa chini au pembeni ya jina la kiwanda kwa herufi ndogo. Jina la kiwanda likibadilika hili halibadiliki. Likikosekana, au pakawa na Liothyronine badala yake, nasimama, kwa sababu hiyo ni homoni nyingine yenye nguvu zaidi sana. Mikrogramu 20 au 25 zake hufanya kazi inayokaribia ya mikrogramu 100 za levothairoksini. Likiwapo, natafuta nguvu ya kidonge kimoja: mikrogramu 100. Mwisho ndipo nauliza vingapi: mia kwa mia, kimoja. Vingekuwa vya 50, vingekuwa viwili. Vingekuwa vya 25, vinne, na hapo ningerudi dukani kuomba nguvu iliyo karibu zaidi, maana mzee akimeza vinne kila siku, iko siku atahesabu vibaya. Rangi sikuitumia mahali popote katika hesabu hiyo.

Ila rangi ina kazi moja, nayo naipenda. Ni kengele. Mama akikuta kidonge hakifanani na cha jana, kwa rangi, ukubwa au umbo, asikimeze wala asikitupe. Akiweke kando akuite wewe, nanyi msome boksi. Kidonge kilichobadilika kinawaambia kuwa kitu fulani kimebadilika. Hakiwaambii ni nini: pengine kiwanda, pengine nguvu, pengine vyote.

Dukani, safari ijayo, omba boksi zima kama mfuko unaruhusu. Dawa hii ni ya kila siku kwa maisha, hakuna hasara ya kununua nyingi kwa mara moja maadamu tarehe haijapita. Kama lazima wakate, waombe wakukatie kile kipande cha karatasi ya fedha chenye jina na nguvu, au angalau upige picha ya boksi lote kabla hujaondoka kwenye kaunta, upande wa jina na upande wa tarehe ya mwisho. Na kwenye bahasha usiikubali 1x1 peke yake. Mwambie kwa adabu, “Kijana wangu, niandikie na jina la dawa na nguvu yake.” Iandikwe hivi:

Levothyroxine 100 mcg
Kidonge 1 asubuhi, tumbo likiwa tupu

Mstari wa kwanza ukiwapo, mama angeuona kabla ya kumeza cha pili, na mngenipigia simu mkiuliza badala ya kuniandikia baada ya wiki nne. Mfamasia mwema hatachukia. Mimi nikiombwa hivyo hufurahi, kwa sababu najua huyo mgonjwa nyumbani kwake kuna mtu anayesoma.

Tena tafadhali, msihamishie vidonge vipya kwenye chupa ya zamani. Najua chupa hizo za Amerika ni nzuri na zinafunga vizuri, na wazee wanazipenda. Lakini lebo yake inasema kitu kingine, kiwanda kingine, tarehe nyingine, na maelezo ya kidonge cha manjano. Juu ya hayo, vidonge vinavyokuja ndani ya karatasi ya fedha vinalindwa nayo dhidi ya unyevu na mwanga, na hali yetu ya pwani unaijua. Levothairoksini huharibika kwa joto na unyevu. Soma boksi limesema nyuzi ngapi, mara nyingi ni chini ya 25, kisha itafute sehemu ya nyumba iliyo baridi na kavu kuliko zote. Si juu ya friji ambako joto lake linapanda, si dirishani, na jikoni karibu na jiko ndiko kubaya kuliko kote.

Baada ya daktari kumrudisha kwenye kipimo chake, damu ipimwe TSH wiki 6 hadi 8 baadaye, akiwa anameza kipimo hicho hicho bila kuruka. TSH ni homoni itokayo chini ya ubongo inayoiamrisha tezi ya thairoidi, na huenda kinyume na dawa: dawa ikizidi TSH hushuka, dawa ikipungua TSH hupanda. Daktari huenda akaipima na leo pia. Ikitoka chini sana msishangae wala asipunguziwe kipimo chake cha kudumu kwa ajili ya hiyo tu, kwani inaeleza mwezi wa vidonge viwili. Ile ya baada ya wiki 6 au 8 ndiyo itakayosema kama mikrogramu 100 za kiwanda hiki kipya zinamfaa. Viwanda tofauti, hata nguvu ikiwa ile ile kwenye boksi, si lazima mwili uvipokee sawasawa kabisa, kwa hiyo mkishapata kimoja kinachopatikana Mombasa bila shida, kaeni nacho. Mkilazimika kuhama, hesabuni wiki 6 hadi 8 nyingine mpime tena.

Katika muda huo mama ameze dawa kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya maziwa na mahamri, na vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu vikae mbali kwa saa 4. La sivyo kipimo kitatoka kibaya na mtalaumu kiwanda bure.

Na dadako akitaka kutuma tena kutoka Amerika, sina pingamizi, lakini atume kwanza picha ya lebo ya chupa kabla mzigo haujaondoka. Mama asichanganye siku hizi cheupe cha huku, siku zile cha manjano cha huko. Boksi hili limalizike lote, au chupa ile imalizike yote, na siku ya kubadilisha iandikwe kwenye kalenda ya ukutani pamoja na jina la kiwanda, mikrogramu, na idadi ya vidonge. Daktari akiuliza “ilianza lini?” umwonyeshe tarehe.

Nipigie jioni ukitoka hospitali, unisomee walichoandika.

Shangazi Mfamasia